Fomu za Zamani Katika Zahanati ya Tatu

Kosa la kuingiza data hutokea pale kilichoandikwa kwenye kompyuta kinapotofautiana na alichojibu mhojiwa. Mengine hujitangaza yenyewe: nukta ikisahaulika, damu ya 10.4 inakuwa 104, na hakuna binadamu mwenye damu kiasi hicho. Yapo mengine yasiyoonekana kirahisi, kwa sababu kila tarakimu imenakiliwa sawasawa ila maana yake imegeuka. Kisa kinachosimuliwa hapa kimetungwa, pamoja na takwimu zake, ili kuonyesha jinsi kosa la aina hii ya pili linavyozaliwa, na jinsi linavyoripotiwa tasnifu ikiwa imebakiza siku chache kukabidhiwa.

Mwanafunzi wa kisa hiki alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Alichunguza wajawazito 240 waliohudhuria kliniki katika zahanati tatu: 90 katika ya kwanza, 90 katika ya pili na 60 katika ya tatu. Kila mama alitobolewa kidole akapimwa damu, na aliyekutwa na hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita alihesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Kisha aliulizwa kama alimeza vidonge vya kuongeza damu katika siku saba zilizopita. Tasnifu ilikuwa imeshaandikwa, na jibu lake halikuwa na mwelekeo wa wazi. Kati ya waliomeza vidonge 140, wenye upungufu walikuwa 53, sawa na asilimia 38. Kati ya wasiomeza 100, walikuwa 47, sawa na asilimia 47. Thamani ya p ilikuwa takriban 0.16, hivyo sura ya matokeo ilieleza kwamba uhusiano haukuthibitika.

Siku tano kabla ya kukabidhi, mwanafunzi alihitaji nakala ya dodoso ya kuweka kwenye viambatisho. Alichomoa fomu moja kutoka kwenye bunda la zahanati ya tatu, akailinganisha na ile iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Swali la vidonge lilikuwa lile lile, lakini majibu yalikuwa yamepishana. Kwenye kompyuta, 1 ilikuwa Ndiyo na 2 Hapana. Kwenye karatasi, 1 ilikuwa Hapana na 2 Ndiyo, na duara la kalamu ya bluu lilizunguka 2.

Chanzo chake kilikuwa cha kawaida. Dodoso la kwanza lilianza na Hapana. Baada ya kulijaribu kwa akina mama wachache, mpangilio uligeuzwa ili ulingane na maswali mengine, ila nakala zilizokwisha kuchapwa hazikuchanwa. Fomu mpya zilipokwisha kabla ya zahanati ya tatu, msaidizi wa utafiti alifungua boksi la zamani. Aliyeingiza data naye alitazama tarakimu iliyozungushiwa duara, hakusoma neno lililokuwa pembeni yake.

Ukaguzi unaozoeleka haukuweza kulinasa kosa hili. Njia inayosifiwa sana ni kuingiza data mara mbili kwa watu wawili tofauti, kisha programu kama EpiData ikaonyesha walipotofautiana. Hapa wote wawili wangeandika 2, wakakubaliana, na kosa likabaki palepale. Kukagua kama kuna tarakimu nje ya 1 na 2 pia kusingesaidia. Ambacho kingelifichua ni kulipanga jedwali kwa kila kituo peke yake. Katika zahanati mbili za kwanza, thuluthi mbili ya akina mama walisema wanameza vidonge. Katika ya tatu, data ilionyesha thuluthi moja tu. Isitoshe, katika ya tatu waliomeza ndio waliokuwa na upungufu mwingi zaidi. Kituo kimoja kinapokwenda kinyume na vingine vyote, kabla ya kutafuta sababu katika maisha ya watu ni vema kwanza kutazama karatasi.

Uamuzi mgumu haukuwa wa kuripoti peke yake, bali wa kuripoti lini. Mwanafunzi angeweza kurekebisha data kwanza, aone jibu jipya, ndipo aamue kama jambo lina uzito wa kumfikia msimamizi. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuona jibu hawezi tena kuamua bila kuvutwa nalo. Likiwa baya, atashawishika kunyamaza. Likiwa zuri, ataacha kutafuta makosa mengine. Alichofanya ni kulifunga faili la data bila kuligusa, akapiga picha za fomu mbili zikiwa bega kwa bega, na usiku huohuo akamwandikia msimamizi wake: “Shikamoo Daktari. Nimegundua kwamba fomu za zahanati ya tatu ni za toleo la zamani, na majibu ya swali la vidonge yamegeuka. Sijarudia uchambuzi. Naomba tuonane kesho.” Jibu lilikuwa fupi: “Marahaba. Usirudie bado. Njoo na mabunda yote.”

Mabunda yote ni fomu 240, wala si 60 zilizotiliwa shaka. Kukagua upande mmoja tu kungeacha swali la kama fomu za zamani ziliingia na kwingineko. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, mwanafunzi akisoma na mwenzake akihakiki kwenye skrini. Zahanati mbili za kwanza zilikuwa na toleo jipya tupu, na fomu zote 60 za ya tatu zilikuwa za zamani. Yalipatikana pia makosa manne ya umri, kama 32 iliyoandikwa 23, nayo yakaorodheshwa.

Marekebisho hayakufanywa kwa kufuta tarakimu moja moja. Faili la awali lilihifadhiwa lilivyo, kikaundwa kigezo kipya kwa amri za SPSS ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma:

```
COMPUTE vidonge2 = vidonge.
IF (zahanati = 3) vidonge2 = 3 - vidonge.
EXECUTE.
```

Tatu ukitoa moja inabaki mbili, na tatu ukitoa mbili inabaki moja. Hivyo majibu ya zahanati ya tatu pekee yanageuzwa. Uchambuzi uliporudiwa, waliomeza vidonge walikuwa 160, na 56 kati yao walikuwa na upungufu, asilimia 35. Wasiomeza walikuwa 80, na wenye upungufu 44, asilimia 55. Thamani ya p ilishuka hadi takriban 0.003.

Jibu lilikuwa limegeuka, tena kuelekea upande ambao kila mtafiti angeupenda. Rekebisho la namna hii ndilo linalohitaji ushahidi mwingi zaidi, kwa sababu mtahini ana haki ya kuuliza kama data haikuchezewa ili uhusiano upatikane. Barua pepe iliyotumwa kabla ya uchambuzi, ikiwa na tarehe na saa, ilijibu swali hilo vizuri kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Taarifa ilipelekwa pia kwa kamati ya maadili, kwa kuwa iliidhinisha toleo moja la dodoso na lililotumika katika zahanati ya tatu lilikuwa jingine. Ofisi ya shahada za uzamili ilipokea ombi la kuongezewa wiki mbili, likiambatana na barua ya msimamizi. Katika sura ya mbinu iliongezwa aya iliyotaja toleo la zamani, idadi ya fomu, namna kosa lilivyogunduliwa na hatua zilizochukuliwa. Jedwali la kwanza, lenye matokeo yenye kosa, liliwekwa kwenye viambatisho karibu na matoleo yote mawili ya dodoso, ili msomaji alinganishe mwenyewe. Sura ya mjadala ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, maana kurasa zilizoeleza kwa nini vidonge havikuonyesha tofauti ziliandikwa upya tangu mwanzo.