Upana wa kreta ya Plato kwa hesabu ya pikseli

Siku ya kumi ya mwezi mwandamo, saa moja jioni, mwezi huwa umeshapanda juu upande wa mashariki. Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta, kaskazini ya mwezi huo huwa mkono wa kushoto, si juu kama ramani nyingi za mwezi zinavyochorwa. Ukiupiga picha na kuikuza, utaona upande huo wa kushoto doa jeusi lenye umbo la yai, pembeni mwa uwanda mpana uitwao Bahari ya Mvua. Hiyo ndiyo kreta ya Plato. Vitabu vinaipa kipenyo cha kilomita 101 hivi, na nilitaka kuona kama picha niliyoipiga juu ya paa, kwa kamera yenye lenzi ya milimita 600, ingenipa jibu la namna hiyo.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kipenyo cha mwezi kinajulikana: kilomita 3,474. Ukihesabu mwezi mzima umechukua pikseli ngapi kwenye picha, ukagawa, unapata kilomita ngapi zinabebwa na pikseli moja. Kisha unahesabu pikseli za kreta na kuzidisha. Huhitaji kujua mwezi ulikuwa mbali kiasi gani usiku ule, kwa sababu mwezi na kreta viko kwenye picha moja na hukua au kusinyaa pamoja. Ila usichukue kipimo cha mwezi kutoka picha ya jana ukakitumia kwa kreta ya leo. Mwezi husogea na kurudi nyuma, kutoka kilomita 363,000 hivi hadi 405,000, na tofauti hiyo inatosha kuharibu hesabu yote.

Ugumu wa kwanza ni kwamba siku ya kumi mwezi haujakamilika. Ungeweza kusubiri upevuke, lakini hapo jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli vinatoweka, na kingo za kreta nyingi zinafifia. Kwa hiyo tunataka mwezi ambao bado haujakamilika, na tunatafuta kipenyo chake kamili kwa njia nyingine.

Njia inayokuja akilini haraka ni kupima kutoka ncha moja ya nuru hadi nyingine, kushoto hadi kulia. Kijiometria ni sahihi kabisa: mstari unaounganisha ncha hizo ni kipenyo kamili, hata mwezi ukiwa mwembamba kama ukucha. Tatizo ni kwamba nuru hufifia kabla ya kufika nchani. Mimi nilipata pikseli 1,338, nikaitilia shaka.

Basi nikatumia ukingo wa juu, ule unaotazama jua, ambao ni safi na unang'aa. Nilichagua nukta mbili juu yake zenye umbali wa pikseli 1,200 kati yao. Kutoka katikati ya mstari unaoziunganisha nikapanda wima hadi kwenye ukingo: pikseli 360. Nusu ya mstari tuiite `a`, ambayo ni 600, na kile kimo tukiite `h`:

```
D = h + a²/h
D = 360 + 360000/360 = 1360
```

Mwezi una pikseli 1,360, na zile ncha zilikuwa zimenipunja pikseli 22. Kilomita 3,474 ukizigawa kwa 1,360 unapata kilomita 2.55 kwa pikseli. Kwa kipimo hicho, bonde zima la Ngorongoro, lenye upana wa kilomita 20 hivi, lingekuwa kidoa cha pikseli nane.

Sasa Plato. Nilipoipima mara ya kwanza niliivuka kutoka kushoto kwenda kulia, nikapata pikseli 24, yaani kilomita 61. Kosa kubwa, na si la mkono kutetemeka. Plato kwa kweli ni karibu mviringo kamili, lakini iko mbali na katikati ya mwezi, mahali ambapo uso wa mwezi unaanza kuinama kuelekea nyuma. Tunaitazama kimshazari, kama unavyoona mdomo wa sufuria iliyo sakafuni ukiwa umekaa kwenye mkeka. Upana unaoelekea katikati ya mwezi ndio unaobanwa. Ule unaokwenda sambamba na ukingo wa mwezi haubanwi.

Kwa hiyo unapima ule urefu mrefu, ambao kwenye picha yangu ulikuwa wa juu kwenda chini. Hapa ndipo jicho linapotakiwa kutulia. Plato imejaa lava nyeusi iliyoganda, na wengi hupima lile jeusi pekee. Lakini kipenyo cha kreta huhesabiwa kutoka kilele cha ukuta hadi kilele cha ukuta wa pili. Upande wa jua, kilele ni pale weusi wa kivuli unapoanzia, kwa kuwa ukuta wa ndani umejificha. Upande wa pili, ukuta wa ndani unang'aa kama utepe mweupe, na kilele ni ukingo wa nje wa utepe huo. Nilipima mara nne kwa zana ya kupimia ya GIMP: 38, 40, 41, 40. Wastani ni karibu 40, yaani kilomita 102.

Zile pikseli 24 hazikupotea bure, zinaweza kusahihishwa. Nilipima umbali kutoka katikati ya mwezi hadi katikati ya Plato: pikseli 537. Nusu kipenyo cha mwezi ni 680. Ukigawa unapata 0.79, na kiasi cha kubanwa kinatoka hapo:

```
√(1 − 0.79²) = 0.61
24 / 0.61 = 39
```

Pikseli 39 ni kilomita 100. Njia mbili tofauti zimekutana, nami naamini zaidi mkutano huo kuliko ile 102 peke yake. Uzuri wa kutumia umbali uliopimwa kwenye picha, badala ya latitudo ya ramani, ni kwamba mwezi hutikisa kichwa kidogo mwezi hadi mwezi, na Plato husogea karibu au mbali na ukingo. Picha inabeba hali ya usiku ule ule.

Kosa lililobaki ni dogo lakini halifutiki. Vipimo vyangu vilitofautiana kutoka 38 hadi 41, kwa hiyo jibu la haki ni kilomita 102, ikipungua au kuzidi nne hivi. Kukosea pikseli tano kwenye mwezi mzima hakukuumizi. Kukosea pikseli mbili kwenye kreta ya 40 ni asilimia tano, na kwenye kreta ya pikseli kumi ni asilimia ishirini. Chini ya hapo unabahatisha. Jihadhari pia na picha ya mwezi ulio chini karibu na upeo wa macho, kwani hewa huubonyeza kutoka juu na chini, pamoja na picha iliyovutwa upande mmoja ili ienee kwenye skrini.

Na kuna mahali kigawanyo kimoja hakitoshi. Karibu na ukingo wa juu wa picha yangu lipo doa kubwa jeusi, Bahari ya Migogoro. Linaonekana refu kutoka kaskazini kwenda kusini. Ni kubwa kiasi kwamba upande wake ulio karibu na ukingo wa mwezi umebanwa zaidi kuliko ule unaoelekea katikati, hivyo unalikata vipande, unasahihisha kila kimoja kwa umbali wake, kisha unajumlisha. Ukimaliza, urefu umehamia upande mwingine: bahari ile ni ndefu zaidi kutoka mashariki kwenda magharibi.