Milisekunde ya Pili: Swali la Raundi Robini na Wastani wa Kusubiri

Prosesa yenye kiini kimoja haiwezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Muziki unalia, barua inaandikwa, faili linashushwa kutoka mtandaoni, na mtumiaji anaona vyote vinakwenda pamoja. Kumbe prosesa inashika kimoja, inakiacha, inashika kingine, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Swali ni nani ashike prosesa, na aishike kwa muda gani kabla ya kumpisha mwenzake.

Jibu ambalo karibu kila mwanafunzi wa kompyuta hukutana nalo kwenye mtihani linaitwa raundi robini. Programu inayoendeshwa, yaani mchakato, inapofika hukaa mwisho wa foleni. Aliye mbele huipata prosesa kwa kipande cha muda kilichopangwa, ambacho huitwa kwanta. Akimaliza kazi kabla kwanta haijaisha, anaondoka na mwingine anaingia papo hapo. Kwanta ikimwishia kazi ikiwa bado, ananyang'anywa prosesa na kurudi mwisho wa foleni. Ni kama bombani maji yanapotoka kwa shida na watu wakakubaliana kwamba kila mtu ajaze ndoo moja tu, kisha mwenye ndoo zilizobaki azunguke nyuma apange upya.

Kanuni yenyewe ni hiyo tu. Ugumu wa mtihani uko mahali pengine, kwenye nukta moja ya wakati ambayo maswali mengi hayaitaji, na ndiyo inayowafanya wanafunzi wawili waliosoma vizuri watoke na majibu mawili. Tulitazame swali lenyewe.

Michakato ni minne. P1 inafika muda 0 na inahitaji milisekunde 5 za prosesa. P2 inafika muda 1, inahitaji 3. P3 inafika muda 2, inahitaji 1 tu. P4 inafika muda 4, inahitaji 2. Kwanta ni milisekunde 2, na muda wa kubadilisha mchakato mmoja kwa mwingine unahesabiwa kuwa sifuri. Tafuta wastani wa muda wa kusubiri.

Usianze na fomula. Anza na foleni, na uiandike kwa kalamu kila inapobadilika, kwa sababu anayeibeba kichwani huipoteza kabla ya kufika nusu ya swali. Muda 0 yupo P1 peke yake, basi anaingia. Anapoendelea, muda 1, P2 anafika na kukaa kwenye foleni. Kwanta ya P1 inaisha muda 2, akiwa amebakiza 3, na inabidi arudi nyuma. Lakini muda huo huo wa 2 ndipo P3 anapofika. Wawili wanafika mwisho wa foleni kwa nukta moja: P3 mgeni na P1 aliyenyang'anywa prosesa. Nani apange kwanza?

Mahesabu hayalazimishi jibu hapa. Huu ni uamuzi wa aliyetengeneza mfumo. Vitabu na walimu wengi humtanguliza mgeni, na aliyetoka kwenye prosesa anapanga nyuma yake. Tuufuate uamuzi huo kwanza. Foleni muda 2 inakuwa P2, P3, P1.

P2 anaingia na kutumia 2, muda unafika 4, amebakiza 1. Na tazama, muda 4 ndipo P4 anapofika, kwa hiyo mgongano ule ule umerudi. Kwa kanuni yetu P4 anatangulia na P2 anamfuata, foleni inakuwa P3, P1, P4, P2. Sasa zamu ni ya P3, ambaye anahitaji milisekunde 1 tu. Anaitumia na kuondoka muda 5. Nusu ya kwanta iliyobaki haimsubiri mtu wala haiachwi ipite bure. P1 anaingia muda 5 hiyo hiyo na kupewa kwanta mpya, nzima. Wanaompa P3 milisekunde 2 kwa sababu tu kwanta ni 2 huharibu kila namba inayofuata.

P1 anatoka muda 7 akiwa na 1 iliyobaki. P4 anaingia 7 na kumaliza 9. P2 anakamilisha ile 1 yake kati ya 9 na 10, na P1 anafunga kazi kati ya 10 na 11. Chati yake ni hii:

```
| P1 | P2 | P3 | P1 | P4 | P2 | P1 |
0    2    4    5    7    9    10   11
```

Kabla ya kwenda mbele kuna ukaguzi wa haraka. Jumlisha kazi zote: 5 na 3 na 1 na 2 ni 11. Chati nayo imeishia 11, na hakuna mahali ambapo prosesa ilikaa bila kazi. Namba hizo mbili zisipolingana, kuna mchakato umepewa muda zaidi au umepunjwa, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko baada ya kugawa wastani. Ujue pia kwamba ukaguzi huu haugundui foleni iliyopangwa vibaya. Unagundua muda uliopotea au kuongezeka tu.

Sasa fomula. Kusubiri ni muda wote ambao mchakato ulikuwa tayari lakini haukuwa kwenye prosesa. Kwa hiyo:

```
kusubiri = kumaliza - kufika - kazi
```

P1 alimaliza 11, alifika 0, kazi yake 5, basi alisubiri 6. P2 alimaliza 10, alifika 1, kazi 3, alisubiri 6. P3 alimaliza 5, alifika 2, kazi 1, alisubiri 2. P4 alimaliza 9, alifika 4, kazi 2, alisubiri 3. Jumla ni 17, gawanya kwa 4, wastani ni milisekunde 4.25.

Napenda wanafunzi wahakikishe angalau mchakato mmoja kwa kuhesabu mapengo kwenye chati, maana hapo ndipo fomula inapopata maana. Mchukue P2. Alifika 1 akaingia 2, pengo la 1. Akatoka 4, hakurudi mpaka 9, pengo la 5. Jumla 6, sawasawa na fomula. Makosa mawili yanayojitokeza mara kwa mara yanaonekana wazi kwa P2 huyu. Wapo wanaohesabu pengo la kwanza tu, wakaandika kwamba alisubiri 1, na wakifanya hivyo kwa wote wanne wanapata wastani wa 1.5. Wapo wanaosahau kutoa muda wa kufika, wakamfanya P2 asubiri 7, yaani asubiri hata kabla hajafika. Wao hupata wastani wa 6. Ukiona jibu lako ni 1.5 au 6 kwenye swali hili, umeshajua kosa liko wapi.

Turudi sasa kwenye muda 2, tuamue kinyume: aliyenyang'anywa prosesa apange kabla ya mgeni. Foleni inakuwa P2, P1, P3. Muda 4, P2 anatangulia mbele ya P4, na chati inabadilika hivi:

```
| P1 | P2 | P1 | P3 | P2 | P4 | P1 |
0    2    4    6    7    8    10   11
```

P1 anasubiri 6 kama awali. P2 ananufaika, anasubiri 4. P3, ambaye kazi yake ni milisekunde 1 tu, anasubiri 4 badala ya 2, na P4 anasubiri 4 badala ya 3. Jumla 18, wastani 4.5. Data ni ile ile, kwanta ni ile ile, na hakuna aliyekosea hesabu. Kwa maoni yangu mtungaji anayeacha jambo hili bila kulitamka hajalimaliza swali lake, na mtahiniwa anayeona mgongano huo aandike juu ya chati yake sentensi moja ya kueleza amemtanguliza nani. Msahihishaji akishaiona atajua 4.25 au 4.5 imetoka wapi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hesabu hii inalifichua, na huwashangaza wengi. Chukua michakato ile ile, uondoe kwanta kabisa, kila anayefika afanyiwe kazi yake mpaka mwisho. P1 anakwenda 0 hadi 5, P2 hadi 8, P3 hadi 9, P4 hadi 11. Wanasubiri 0, 4, 6 na 5. Jumla 15, wastani 3.75. Njia ya kizamani ya aliyefika kwanza ahudumiwe kwanza imeishinda raundi robini kwa wastani wa kusubiri!

Hilo si kasoro ya hesabu. Raundi robini haikukusudiwa kupunguza wastani huo. Ilitokana na haja nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, programu kwa kawaida ziliandikwa kwenye kadi zenye matundu, zikakabidhiwa, na mwenye kazi akarudi baadaye kuchukua majibu. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT walionyesha mfumo wa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kukaa mbele ya mashine zao za kuchapia na kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Upangaji wao wa zamu ulikuja kuwa na foleni kadhaa za vipaumbele, si moja kama ya mtihani, lakini msingi ulikuwa ule ule wa kugawa prosesa kwa vipande vya muda. Aliyekaa pale alitaka kwanza kuona mashine inamjibu. Ile 1.5 tuliyoiita kosa ndiyo kipimo cha jambo hilo: ni wastani wa muda tangu mchakato kufika hadi kuigusa prosesa mara ya kwanza. Bila kwanta, wastani huo kwa michakato yetu ni 3.75. Kwa kwanta ya 2, ni 1.5.

Mbona basi kwanta isifanywe ndogo zaidi? Kwa sababu ile sifuri ya kubadilisha mchakato ipo kwenye karatasi ya mtihani tu. Kila mmoja anapotolewa, mfumo huhifadhi hali yake na kurudisha ya anayefuata, na muda huo haumtumikii yeyote kati yao. Chati yetu ya kwanza ina mabadiliko 6, ile isiyo na kwanta ina 3. Kila badiliko likichukua milisekunde 0.1, kazi yetu inaishia 11.6 badala ya 11. Kwanta ikikaribia kuwa ndogo kama badiliko lenyewe, prosesa inatumia karibu nusu ya nguvu zake kuhamisha michakato. Ikifika 5 au zaidi kwa swali letu, hakuna anayenyang'anywa prosesa, na tumerudi kwenye 3.75 kwa mlango wa nyuma. Kwenye Linux, nyuzi za muda halisi zinazotumia raundi robini, chini ya sera ya `SCHED_RR`, hupewa kwa kawaida milisekunde 100. Mwenye mashine hiyo anaweza kuiona namba yake kwa amri moja.

```
cat /proc/sys/kernel/sched_rr_timeslice_ms
```