Je, Wajua? Kwa Nini Shilingi 80 Humshinda Mwenye Tamaa

Mteja amenunua vitu vya shilingi 120 katika duka moja Mombasa, ametoa noti ya 200 na sasa anangoja chenji. Muuzaji anavuta droo, na mkono wake unakimbilia pesa kubwa kwanza: noti ya 50, halafu sarafu ya 20, halafu ya 10. Jumla 80, vipande vitatu, mteja anaaga. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini tuseme kwenye kona ya droo hiyohiyo zilikuwapo sarafu mbili za shilingi 40. Hizo mbili peke yake zingemaliza kazi.

Sarafu ya 40 ni pesa halali iliyowahi kutolewa Kenya. Ilitoka mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, imetengenezwa kwa metali mbili, na upande mmoja ina sura ya Rais Mwai Kibaki. Kwa wanaosomea kompyuta, sarafu hii ni hazina. Ilipokaa droo moja na noti ya 50, ilizua papo hapo tatizo ambalo vitabu vya fani hii hulifundisha kwa pesa za kubuni: namna ya kulipa kiasi fulani kwa vipande vichache iwezekanavyo.

Alichofanya muuzaji huitwa mbinu ya tamaa. Sheria yake ni moja: chukua kipande kikubwa kabisa kisichozidi deni lililobaki, punguza deni, kisha rudia. Ni mbinu ya haraka, haihitaji karatasi, na mkono wa mwenye duka huijua bila kufundishwa. Udhaifu wake ni kwamba haigeuki nyuma. Ukishatoa ile 50, deni lililobaki ni 30, na hakuna kipande cha 30. Lazima utumie viwili. Uchaguzi uliokuwa mzuri kuliko yote katika hatua ya kwanza ndio uliofunga mlango wa 40 na 40.

Mbinu ya pili inaanza kwa swali tofauti. Jiulize: kipande cha mwisho kuwekwa mkononi mwa mteja kilikuwa kipi? Ili hesabu iwe fupi, tuchukue vipande vinne tu: 10, 20, 40 na 50. Kama cha mwisho kilikuwa 10, kabla yake mteja alikuwa ameshapokea 70. Kama kilikuwa 20, alikuwa na 60. Kama kilikuwa 40, alikuwa na 40. Kama kilikuwa 50, alikuwa na 30. Hakuna njia ya tano. Basi jibu la 80 ni jibu dogo kuliko yote kati ya majibu ya 70, 60, 40 na 30, ukiongeza kimoja.

Angalia jambo lililojificha hapo. Ikiwa njia bora ya kulipa 80 inamalizikia kwa sarafu ya 40, ile 40 ya kwanza nayo lazima iwe imelipwa kwa njia bora. Kama kungekuwa na njia fupi zaidi ya kuilipa, tungeipachika mahali pake na 80 nzima ingepungua vipande. Jibu bora la jambo kubwa limejengwa kwa majibu bora ya mambo madogo. Tatizo lisilo na sifa hii haliwezi kutatuliwa kwa njia tunayoieleza hapa.

Tukiishia kwenye swali hilo tu, tutaumia. Swali la 80 linazaa maswali manne, la 70 linazaa ya kwake manne, la 60 vivyo hivyo, mpaka yafike sifuri. Nimeketi na karatasi nikayahesabu yote: kwa shilingi 80 maswali ni 145, na swali la shilingi 10 peke yake linaulizwa mara 36. Ni swali lilelile, jibu lilelile la kipande kimoja, na kila mara linatafutwa upya kama vile halijawahi kuulizwa. Ukipandisha kiasi hadi 160 kwa vipande hivyohivyo vinne, maswali yanafika 16,921. Kiasi kimeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka zaidi ya mara mia.

Sasa hesabu maswali yaliyo tofauti. Kwa 80 ni tisa tu: 0, 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70 na 80. Kwa 160 ni kumi na saba. Kazi yote iliyobaki ni marudio, na dawa ya marudio ni daftari. Jibu kila swali mara moja, liandike, na ukiulizwa tena soma ulichoandika.

Tulijaze basi daftari kuanzia chini. Shilingi 0 haihitaji kipande chochote, andika 0. Shilingi 10 ni kipande 1. Shilingi 20 ni 1, kwa kuwa sarafu ya 20 ipo. Shilingi 30 haina kipande chake: ukimalizia kwa 10 unasoma jibu la 20, ukimalizia kwa 20 unasoma jibu la 10, zote mbili zinakupa 2. Shilingi 40 ni 1, 50 ni 1. Shilingi 60 ni 2, na 70 ni 2, yaani 50 na 20. Tumefika 80, na yote tunayoyahitaji yameshaandikwa. Kumalizia kwa 10 ni 2 na 1, sawa na 3. Kwa 20, ni 3. Kwa 40, ni 1 na 1, sawa na 2. Kwa 50, jibu la 30 ni 2, ukiongeza 1 unapata 3. Ndogo kuliko zote ni 2, inaandikwa kwenye mstari wa 80. Ile njia ya muuzaji tumeipita humohumo ndani, tukaipima pamoja na wenzake, tukaiacha.

Huo ndio upangaji dainamiki. Jina lake lilitolewa na mwanahisabati Mmarekani Richard Bellman alipokuwa katika taasisi ya utafiti ya RAND huko Kalifonia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu mbinu hii kilitoka mwaka 1957. Katika tawasifu yake alieleza kwamba alitafuta jina la kuvutia makusudi, kwa kuwa waziri wa ulinzi wa wakati huo hakupenda hata kusikia neno utafiti. Ndiyo maana jina halielezi kitu. Neno la kushika hapo ni upangaji, kwa maana ya kupanga hatua, na chombo chake kikuu ni lile daftari.

Kwa lugha ya Python, vipande vyote kuanzia shilingi 1, daftari linajazwa hivi:

```python
vipande = [1, 5, 10, 20, 40, 50]
idadi = [0] + [999] * 80
mwisho = [0] * 81
for k in range(1, 81):
    for p in vipande:
        if p <= k and idadi[k-p] + 1 < idadi[k]:
            idadi[k] = idadi[k-p] + 1
            mwisho[k] = p
```

Ile 999 inamaanisha "bado sijui njia". Orodha ya `mwisho` ndiyo ambayo wanafunzi wengi huisahau, kisha wakabaki wanajua vipande ni viwili bila kujua ni vipi. Soma `mwisho[80]`, utakuta 40. Toa 40, soma `mwisho[40]`, utakuta 40 tena. Umefika sifuri, na chenji yako iko mkononi.

Je, muuzaji wa kawaida amekuwa akikosea siku zote? Hapana, na sababu yake inafurahisha. Iondoe sarafu ya 40 kwenye droo. Sasa 10 mbili unaweza kuzibadilisha kwa 20 moja. 20 tatu zinabadilika kuwa 50 na 10, vipande vitatu vinakuwa viwili. 20 mbili na 10 moja zinabadilika kuwa 50. Kila rundo linaloikwepa pesa kubwa linaweza kupunguzwa kwa kuiingiza pesa kubwa, basi mwenye tamaa hapotezi kitu. Ndivyo zilivyo pia sarafu za Tanzania za 50, 100, 200 na 500: kwa hizo mkono uliozoea hutoa jibu bora kila mara. Irudishe 40, na mabadilishano yanakwama. Sarafu mbili za 40 huwezi kuzibadilisha kwa rundo lenye 50 bila kuongeza kipande. Waingereza nao walikuwa na ugonjwa huu kabla ya kubadili mfumo wa pesa zao mwaka 1971. Walikuwa na sarafu ya peni 30 na ya peni 24, na kwa peni 48 tamaa ilitoa 30, 12 na 6, wakati 24 mbili zilitosha.

Kuna njia ya kujua mapema kama pesa za nchi fulani zina kasoro hii. Mwaka 1994 Dexter Kozen na Shmuel Zaks walithibitisha kwamba, ikiwa tamaa itakosea popote, kosa lake la kwanza litatokea chini ya jumla ya vipande viwili vikubwa kabisa. Kwa droo yetu inayoishia 50, jumla hiyo ni 90. Linganisha majibu ya mbinu zote mbili kuanzia 1 hadi 89. Ukifika mwisho bila tofauti, tamaa ni salama kwa kiasi chochote. Hapa utasimama kwenye 80, ambalo ndilo kosa la kwanza kabisa.

Daftari lina mipaka yake. Lina mstari kwa kila shilingi, kwa hiyo kiasi cha milioni moja kinataka mistari milioni moja, na ukihesabu kwa senti zidisha kwa mia. Pia limechukulia kwamba kila kipande kipo bila kikomo. Droo halisi haiko hivyo, na hapo ndipo tamaa inapoumbuka zaidi. Tuseme sarafu za 10 na zote za chini yake zimeisha. Muuzaji anatoa 50, anatoa 20, kisha anakwama kwenye 10 ya mwisho na kumwambia mteja chenji hakuna, huku 40 mbili zikimtazama. Kwa droo ya namna hiyo daftari huongezewa safu: huanza na aina moja ya pesa, kwa idadi yake iliyopo, kisha aina ya pili huongezwa juu ya majibu ya ile ya kwanza, na kuendelea.

Toleo jipya la sarafu za Kenya lilitoka Desemba 2018. Lina twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Sarafu ya 40 haimo, na kwa pesa za toleo hilo pamoja na noti ya 50, njia fupi kabisa ya kulipa 80 ni ileile aliyoitumia muuzaji wetu: 50, 20 na 10.