Dereva na Video ya Mwaka 2019

Tuseme kampuni ya mabasi jijini Mwanza inatafuta dereva. Waombaji arobaini wamechujwa, wamebaki watatu, na bosi anamwambia afisa utumishi: "Hebu wapekue kidogo Instagram na TikTok, tujue ni watu wa namna gani."

Agizo hilo ndilo linaloharibu mambo. Ukitafuta "mtu wa namna gani" utapata kila kitu: yuko msikitini, amevaa fulana ya chama, anamwombea mtoto mgonjwa, ameshika bia harusini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa dini, kabila, siasa, ujauzito, ulemavu au hali ya ndoa, na inamhesabu hata anayeomba kazi tu. Shida ni kwamba jicho likishaona halisahau. Bosi ataapa kuwa dini haikumwingia akilini, lakini ataithibitishaje?

Kwa hiyo anayepekua asiwe anayeamua. Afisa asubiri usaili umalizike, awaangalie wote watatu kwa kipimo kimoja, na aandike mapema anachotafuta. Kwa dereva yanatosha mambo mawili: uendeshaji wa hatari, na matusi au vitisho kwa abiria. Bia ya harusini siku ya mapumziko haimo. Aangalie kilicho wazi kwa kila mtu. Kuomba urafiki kwa akaunti ya uongo, au kumdai mwombaji nywila yake, si upekuzi tena, ni uvamizi.

Sasa afisa anakuta video ya mwaka 2019. Mshale wa spidi umepita 110, na basi la abiria mwisho wake ni 80. Kwanza ahakikishe ni mtu mwenyewe, maana akina Juma Hamisi wako wengi mno nchini: alinganishe sura, mji na kampuni zilizo kwenye wasifu wake wa kazi. Pili, atazame kama anayeendesha anaonekana. Kisha ampelekee bosi mistari miwili tu, yaani tarehe na kinachoonekana. Picha za familia zibaki zilipo.

Tatu, mwombaji aulizwe. Hapa wengi huona aibu, wanakata jina kimyakimya. Huyu wetu akiulizwa anasema, "Mzee, hapo nilikuwa konda. Ndiyo kwanza nimeshika simu, dereva mwingine kabisa." Afisa anairudia video: mkono unaorekodi uko upande wa mlango, na usukani umeshikwa kwa mikono miwili. Anapiga simu kwa mwajiri wa zamani, naye anathibitisha kuwa mwaka ule kijana alikuwa konda.

Bosi angeikuta video hiyo peke yake usiku, kijana asingeitwa, wala asingejua kwa nini.