Kidonge Kidogo Kinachoshika Chumvi Mwilini

Mtu ambaye tezi zake za adrenali zimeharibika hutumia dawa mbili, lakini mara nyingi huelezwa vizuri moja tu. Ya kwanza ni haidrokotisoni, inayoshika nafasi ya homoni ya kotisoli. Hiyo ndiyo anayoonywa asiikose hata siku moja, na ndiyo anayofundishwa kuiongeza akishikwa na homa. Ya pili ni fludrokotisoni, kidonge kidogo cha mikrogramu 100 kinachomezwa mara moja asubuhi. Wapo wanaokimeza miaka nenda miaka rudi bila mtu kuuliza kama dozi inawatosha, na wengine huishi na uchovu ambao ungeondoka kwa nusu kidonge tu.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo. Tabaka lake la nje hutengeneza aldosteroni, homoni inayoifanya figo iirudishe sodiamu kwenye damu na kuitoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Thomas Addison, daktari wa Hospitali ya Guy's jijini London, aliueleza ugonjwa wa tezi hizi mwaka 1855, na kati ya wagonjwa wake walikuwemo ambao tezi zao ziliharibiwa na kifua kikuu. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu bado kipo, daktari hawezi kukisahau anapotafuta chanzo. Vyovyote iwavyo, tezi ikishakufa sodiamu hutoka na mkojo na maji huifuata. Damu hupungua ujazo, presha hushuka, na potasiamu hubaki mwilini ikipanda. Fludrokotisoni inafanya kazi iliyoachwa na aldosteroni.

Watu wazima wengi huanza na mikrogramu 50 hadi 100 kwa siku, yaani nusu kidonge au kimoja. Hakuna hesabu inayoweza kusema tangu mwanzo nani atahitaji kiasi gani. Dozi hutafutwa kwa kuangalia presha, potasiamu na renini, na kila kimoja kina namna yake ya kusema ukweli na namna yake ya kudanganya.

Tuanze na presha. Kuipima mgonjwa akiwa ameketi peke yake hakutoshi. Alale au akae kwa dakika kadhaa, apimwe, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mwili una upungufu wa maji na chumvi mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo hiki hakihitaji maabara, na zahanati yoyote yenye mashine ya presha inaweza kukifanya. Muulize pia kama anatamani chumvi. Mgonjwa anayeramba chumvi kiganjani au kunywa maji ya achari ameshajibu nusu ya swali.

Potasiamu huthibitisha, lakini huchelewa. Ikivuka 5.0, dozi huenda ni ndogo. Ikiwa chini ya 3.5, huenda imezidi. Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na potasiamu ya kawaida kabisa huku dozi yake ikiwa pungufu. Damu nayo ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano, au ikikaa muda mrefu kabla ya kufika maabara, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu yake, na majibu yakaonekana ya juu bure. Jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa lirudiwe kabla dozi haijaguswa.

Renini ndiyo inayotangulia kusema. Figo huitoa zinapohisi kwamba presha na sodiamu zinapungua. Katika mtu mzima wa afya, renini huanzisha mfululizo unaoishia kwa tezi kumwaga aldosteroni, kisha figo hutulia. Tezi ikiwa imekufa, figo huendelea kuita bila kuitikiwa, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Renini iliyopanda sana inaonyesha dozi haitoshi hata kama potasiamu bado ni ya kawaida. Renini iliyozimika inaonyesha dozi imepita kiasi. Lengo ni renini iwe nusu ya juu ya kiwango cha kawaida cha maabara husika, si katikati wala chini.

Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 38. Anatumia haidrokotisoni miligramu 20 kwa siku, imegawanywa mara tatu, na fludrokotisoni mikrogramu 50. Analalamika uchovu na kizunguzungu anaposimama ubaoni. Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kumwongezea haidrokotisoni. Atapata nafuu kidogo, kwa sababu dawa hiyo nayo hushika chumvi kiasi, lakini kadiri miezi inavyopita atanenepa, sukari itaelekea kupanda na mifupa kudhoofika, na upungufu wenyewe utabaki umefichwa.

Akipimwa inavyotakiwa, presha yake akiwa amekaa ni 106/70, na akisimama dakika tatu ni 84/60. Potasiamu ni 5.2, na renini imezidi mara mbili kikomo cha juu. Haidrokotisoni inaachwa kama ilivyo, fludrokotisoni inapandishwa kuwa mikrogramu 100, na anaambiwa asijinyime chumvi. Baada ya wiki sita presha ni 114/74 akiwa amekaa na 108/72 akisimama, potasiamu ni 4.5, na renini ipo nusu ya juu ya kawaida. Hapo ndipo pa kusimama. Tuseme daktari anataka renini ishuke zaidi, akampa mikrogramu 150. Miezi miwili baadaye vifundo vya miguu vimevimba, presha ni 148/94, potasiamu 3.3, na renini haionekani. Anarudishwa kwenye 100, na uvimbe unaisha.

Zipo hali ambazo renini haiaminiki. Katika ujauzito hupanda yenyewe, hivyo daktari hutegemea presha, sodiamu na potasiamu. Baadhi ya dawa za presha huipandisha na nyingine huishusha, kwa hiyo orodha ya dawa zote iambatane na fomu ya maabara. Anayetibiwa kifua kikuu aangaliwe kwa karibu zaidi, kwani rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa dawa zote mbili. Na anayefanya kazi juani akitoka jasho jingi anaweza kuhitaji chumvi zaidi, au dozi kubwa kidogo kwa kipindi cha joto, kwa ushauri wa daktari.

Kipimo cha renini hakipatikani kila hospitali, na si rahisi. Kinapokosekana, presha ya kukaa na kusimama, hamu ya chumvi, uvimbe wa miguu, sodiamu na potasiamu vinaweza kuongoza kazi, mradi viandikwe kila ziara pamoja na dozi ya siku hiyo ili mabadiliko yaonekane.

Presha ikipanda kwa mgonjwa huyu, asiache fludrokotisoni ghafla. Kwanza dozi hupunguzwa, pengine kwa robo au nusu kidonge. Ikiwa bado iko juu, huongezewa dawa ya presha huku fludrokotisoni ikiendelea, na spironolaktoni isiwe chaguo, maana huzuia kazi ileile ambayo kidonge kimekuja kuifanya.