Mjomba Aliyebandikwa Nyuma ya Maharusi

Mjomba hakufika harusini, na familia inataka aonekane kwenye picha, amesimama nyuma ya maharusi. Fundi wa studio anatafuta picha yake safi, anamkata, anambandika. Mwanga umelingana, kimo kimelingana, lakini kila anayetazama anagundua mchezo. Bustani ya nyuma imefifia kwa ukungu, na katikati ya ukungu huo mjomba anaonekana hadi nyuzi za koti lake.

Kamera haipigi hivyo. Chukua lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8, kwenye kamera ya fremu kamili, maharusi wakiwa mita 3 mbele yake. Sehemu itakayotoka wazi ina kina cha sentimita 13 hivi tu. Aliye mita moja na nusu nyuma yao lazima afifie.

Afifie kiasi gani? Wengi hukisia, na mara nyingi humpa mjomba ukungu uleule wa bustani. Hapo anaonekana kana kwamba yuko kule mwisho wa uwanja, ila mwili umekuwa mkubwa ajabu. Kipimo kimo ndani ya picha yenyewe. Tafuta taa ndogo iliyo mbali sana. Ukungu umeigeuza kuwa duara. Tuseme duara hilo lina upana wa pikseli 90. Mjomba yuko mita 1.5 nyuma ya maharusi na mita 4.5 kutoka kwenye kamera. Gawanya 1.5 kwa 4.5, unapata theluthi. Basi nukta ya mwanga kwenye miwani yake ingekuwa duara la pikseli 30.

Katika Photoshop, tumia Field Blur badala ya Gaussian Blur, ambayo hupakaza mwanga bila kuupa umbo la duara. Usiiamini namba ya kwenye skrini moja kwa moja. Weka nukta nyeupe kwenye leya nyeusi, ipitishe kwenye kichujio hicho, kisha upime duara linalotoka. Likifika 30, umepata namba ya kumpa mjomba.

Kazi nyingi huharibikia ukingoni. Ukimfifisha mjomba huku maski yake ikiwa bado haijaunganishwa na leya, uso unalainika lakini mabega yanabaki na ukingo wa wembe. Tumia Apply Layer Mask kwanza, ndipo uweke ukungu. Bega la bwana harusi linalomkinga kwa mbele, hilo liache kali kama lilivyo.

Mwisho, ukungu hufuta chembechembe za kamera, na mjomba hubaki laini kama plastiki. Mrudishie kidogo kwa Add Noise, ukilinganisha na bustani kwa kukuza picha hadi asilimia 100.

Mteja akileta picha ya mjomba iliyokwisha kufifia kupita kiasi hicho, mwombe nyingine. Picha kali hufifishwa. Iliyofifia hairudi kuwa kali.