Chupa Moja, Maswali Manne: Soma Lebo ya Dawa ya Minyoo Pamoja na Mchungaji Wako

Leo tunaongea habari ya karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Vijana wengi ninaowatembelea Magu, Misungwi na Sengerema wananunua dawa nzuri, wanalipa hela nzuri, halafu chupa wanamkabidhi mchungaji. Mchungaji mwenyewe mara nyingi ni mtu mzima, ng'ombe anawajua kuliko wewe na mimi, ila shule aliishia darasa la pili au hakwenda kabisa. Na lebo imeandikwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama mchanga. Kwa hiyo anatumia kizibo. Kizibo kimoja kwa mbuzi, viwili kwa ng'ombe. Hapo ndipo hela yako inapopotea.

Habari njema ni kwamba lebo haihitaji kusomwa yote. Mtu anayejua namba hadi mia anaweza kupata mambo manne yanayotakiwa. Tutumie dawa moja tu kama mfano: albendazoli ya kunywesha. Nimeichagua kwa sababu huku kwetu ziwani ng'ombe wanakula nyasi za mabondeni na kwenye majaruba ya mpunga, mahali penye konokono, na konokono ndiye anayebeba minyoo bapa ya ini. Albendazoli inatibu minyoo ya tumbo na hiyo ya ini pia, lakini kwa vipimo tofauti. Ukikosea kusoma, unakosea kutibu.

Swali la kwanza: Dawa hii ina nguvu gani?

Madukani utakuta albendazoli za aina mbili zinazofanana sura. Moja ina namba 10 ikifuatwa na alama ya asilimia, nyingine ina 2.5 na alama hiyohiyo. Ya 10 kila mililita moja ina miligramu 100 za dawa. Ya 2.5 kila mililita ina miligramu 25. Maana yake ya kwanza ni kali mara nne kuliko ya pili. Kwa kawaida ya 10 ni ya ng'ombe, ya 2.5 ni ya mbuzi na kondoo. Lebo nyingi zina picha ya mnyama, lakini usitegemee picha peke yake, maana nyingine zina picha zote tatu.

Hapa kuna mtego mmoja ambao ni lazima mmalize mapema: nukta. Mtu ambaye hakusoma sana anaweza kuona 2.5 akasema ishirini na tano, na 7.5 akasema sabini na tano. Mimi huwa naeleza hivi: nukta ni ukuta. Upande wa kushoto wa ukuta kuna mililita nzima, upande wa kulia kuna kipande. Saba na nusu. Kisha chukua sirinji, mwonyeshe mstari wa saba, mwonyeshe mstari wa nane, na mwambie aweke kidole katikati. Akiona kwa macho hasahau.

Kama unafuga ng'ombe na mbuzi pamoja, funga utepe mwekundu kwenye chupa ya 10 na uache ya 2.5 bila utepe. Nyekundu ni ya ng'ombe. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda, kwa sababu ukishafanya hivyo lebo imekufa.

Swali la pili: Kiasi gani, kwa uzito gani?

Kipimo cha dawa hakisemi "ng'ombe mmoja". Kinasema kiasi fulani kwa kilo fulani. Kwenye albendazoli ya 10 ya ng'ombe, kwa kawaida utakuta mistari miwili. Wa kwanza ni wa minyoo ya tumbo na mapafu: mililita 7.5 kwa kila kilo 100. Wa pili ni wa minyoo ya ini: mililita 10 kwa kila kilo 100. Soma ya chupa yako, kwa kuwa viwanda ni vingi, ila ukiona namba zilizo mbali sana na hizi muulize daktari wa mifugo kabla ya kunywesha.

Sasa tuchukue ng'ombe jike wa kienyeji. Umempima kifuani kwa utepe wa kupimia uzito, ukapata kilo 250. Kilo 250 ni mia mbili na nusu yake. Kwa minyoo ya tumbo: saba na nusu, saba na nusu tena, halafu nusu ya saba na nusu. Jumla inakuja 18.75, tunapima 19. Kwa minyoo ya ini: 10, tena 10, halafu 5. Jumla 25. Umeona tofauti? Ukinywesha 19 wakati shida ni ini, umempunguzia karibu robo ya dawa. Atapata nafuu ya tumbo, ila ini linaendelea kuliwa, na wewe utasema dawa ni feki.

Mbuzi wa kilo 30 kwa chupa ya 2.5 ni hesabu nyingine: mililita 2 kwa kila kilo 10, yaani 6. Kwa minyoo ya ini, mililita 3 kwa kila kilo 10, yaani 9. Sasa fikiria mchungaji akachota hizo 6 kwenye chupa ya 10 kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mbuzi amekunywa mara nne ya kipimo. Kinyume chake, ng'ombe akipewa 19 za chupa ya 2.5 amepata robo tu ya dawa. Minyoo haifi, inazoea, na mwakani dawa hiyo haifanyi kazi kwenye zizi lako.

Kwa mchungaji asiyependa hesabu, usimpe hesabu. Fanya wewe mara moja, kisha piga alama kwenye sirinji kwa kalamu isiyofutika: alama moja ya ng'ombe mkubwa, nyingine ya mtamba, nyingine ya ndama. Namba ikitoka kwenye lebo kwenda kwenye alama, kazi inakuwa nyepesi.

Swali la tatu: Lini, na nisubiri mpaka lini?

Albendazoli ni dozi moja. Siyo kutwa mara tatu kama vidonge vya hospitali. Mtu mzima aliyezoea bahasha ya duka la dawa yenye 1x3 anaweza kudhani na ng'ombe naye anywe asubuhi, mchana na jioni. Mweleze wazi: mara moja, basi. Kwa minyoo ya ini, dawa hii inaua iliyokomaa tu. Midogo inayopenya ndani ya ini inabaki. Kwa hiyo kurudia kupo, lakini baada ya wiki kadhaa na kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Kitu cha pili ni siku za kusubiri, yaani muda ambao hutakiwi kuuza maziwa wala nyama. Lebo huandika nyama kwa siku na maziwa mara nyingi kwa saa. Tuseme chupa yako imeandika maziwa saa 72 na nyama siku 14. Hapa Kiswahili chetu kinaweza kumchanganya mtu. Saa 72 siyo saa ya ukutani, ni urefu wa muda. Siku moja ina saa 24, kwa hiyo 72 ni siku tatu kamili, kuanzia dakika uliyonywesha.

Umenywesha Jumatatu saa 1 asubuhi. Siku tatu zinatimia Alhamisi saa 1 asubuhi. Lakini wewe unakamua saa 12 alfajiri. Alhamisi saa 12 bado saa moja haijaisha, kwa hiyo maziwa hayo pia hayauzwi. Ya kwanza kuuza ni ya Alhamisi jioni. Mkeshe na mchungaji kwenye jambo hili, maana ndiye anayekamua na ndiye anayekabidhi ndoo kwa mteja.

Njia rahisi ya kuhesabu: mfunge ng'ombe aliyekunywa kamba ya rangi shingoni. Chora mistari 14 ya mkaa kwenye nguzo ya zizi, na kila asubuhi futa mmoja. Mistari ikiisha anaweza kwenda mnadani. Kamba ikiwa bado shingoni, haendi.

Swali la nne: Lebo inakataza nini?

Maonyo matatu ya chupa hii yana uzito kuliko mengine. La kwanza ni mimba. Albendazoli inaweza kuharibu mimba changa, na lebo nyingi zinakataza kumpa ng'ombe katika mwezi wa kwanza au mwezi na nusu tangu apandwe. Mchungaji ndiye anayejua nani kapandwa lini, kwa hiyo swali hili muulize yeye kabla ya kufungua kizibo. Mwanamke mjamzito naye asishike dawa hii mikono mitupu.

La pili ni kutikisa. Dawa hii ni unga uliochanganywa kwenye maji, na ikikaa unga unashuka chini. Usipotikisa, ng'ombe wa kwanza anakunywa maji, wa mwisho anakunywa tope la dawa. Tikisa mwanzo, na tikisa tena kila baada ya wanyama wachache.

La tatu ni njia: ni ya mdomoni tu. Wala usimwinue kichwa sana, pua zikitazama juu dawa inakwenda kwenye mapafu. Akianza kukohoa wakati unanywesha, acha, mshushe kichwa.

Mwisho tafuta herufi E, X na P. Mbele yake kuna mwezi na mwaka. Mwezi huo wa mwaka huo ukishapita, dawa irudi dukani, siyo zizini. Dawa za mifugo zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Chupa isiyo na lebo inayosomeka usiinunue hata kama ni bei chee.

Utajuaje kwamba mchungaji ameelewa? Usimuulize "Umeelewa mzee?" Atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Mwambie hivi: "Shikamoo mzee, naomba unionyeshe ungefanyaje kwa yule mwekundu." Mpe chupa, mpe sirinji yenye maji safi, kaa pembeni. Akichukua chupa yenye utepe, akatikisa, akauliza kama kapandwa, akavuta mpaka alama ya 25, kisha akatafuta kamba ya shingoni, amesoma lebo. Akiruka hatua moja, rudieni hiyohiyo tu kwa maji, kabla dawa yenyewe haijafunguliwa.